Doti imetoka na i, j, k? Krosi imetoka namba tupu? Tafuta kosa la vekta hapa kabla hujakabidhi karatasi

Wikiendi hii nimesahihisha testi ya vekta ya wadogo wa fomu siksi ninaowafundisha jioni, na makosa niliyokutana nayo ni yale yale ya mwaka jana na mwaka juzi. Sio kwamba hawajui kuzidisha, wanazidisha vizuri tu, shida ni kwamba mtu anafika mwisho wa swali ana jibu mkononi na hajui lilitakiwa liwe namba tupu au liwe vekta, kwaiyo hata likiwa baya hana kitu cha kumshtua. Nimeyapanga makosa hayo kwa dalili, yaani kile unachokiona kwenye karatasi yako, alafu chini yake sababu, nikianza na ile ninayokutana nayo zaidi.

Mwanzo mpaka mwisho natumia vekta mbili hizi hizi ili usipotee:

a = 2i − j + 3k
b = i + 4j − 2k

Na kabla ya kugusa hesabu yoyote, ukishasoma swali weka pembeni kwa penseli herufi moja, N kama jibu litakuwa namba, V kama litakuwa vekta. Doti prodakti inatoa namba, ndo hiyo tunaita skela. Krosi prodakti inatoa vekta. Hiyo herufi moja ndo kipimo chako cha kwanza kwa kila dalili hapa chini, na inachukua sekunde mbili.

Dalili ya 1: umefanya doti, jibu lina i, j, k

Kwenye karatasi inaonekana hivi: a · b = 2i − 4j − 6k. Hizo namba 2, −4 na −6 ziko sawa kabisa, ila pembeni uliandika N, na i, j, k zimefuata nini?

Sababu inayoongoza ni mazoea ya kujumlisha. Ukijumlisha vekta unachukua i na i, j na j, k na k, na herufi zinabaki, sasa mkono umeshazoea hivyo na kwenye doti unaziburuza herufi mpaka kwenye jibu. Dawa yake ni kufungua mabano yote walau mara moja nyumbani, uone herufi zinaenda wapi. Ukizidisha (2i − j + 3k) na (i + 4j − 2k) kipande kwa kipande unapata vipande 9. Sita kati ya hivyo ni vya herufi tofauti, kama i · j au j · k, na hivyo vyote ni sifuri kwa sababu i na j zinakutana kwa nyuzi 90 na kosaini ya 90 ni 0. Vitatu vinavyobaki ni i · i, j · j na k · k, na kila kimoja ni 1, kwa sababu urefu ni 1 kwa 1 na pembe kati yao ni 0. Yaani herufi hazikufutwa kwa amri ya mwalimu, zimegeuka kuwa namba 1. Kinachobaki ni 2(1) + (−1)(4) + 3(−2) = 2 − 4 − 6 = −8. Mtu akishaifungua hivi kwa mkono wake hili kosa huwa halirudi.

Sababu ya pili ni kuishia njiani. Mtu kaandika (2, −4, −6) alafu akahamia swali lingine, hajajumlisha. Angalia tu kama mstari wako wa mwisho una namba moja au tatu.

Sababu ya tatu hutokea mara chache, na hapa sio kosa: swali lilitaka projekshen ya vekta. Ukiombwa skela projekshen ya a juu ya b unachukua a · b ugawe kwa urefu wa b, ni −8/√21, namba. Ukiombwa projekshen yenyewe kama vekta, ile namba unaizidisha tena na yuniti vekta ya b, unapata −(8/21)(i + 4j − 2k). Kwaiyo kabla hujafuta herufi zako rudi usome swali, neno vekta likiwepo pale basi pembeni ilitakiwa uandike V toka mwanzo.

Dalili ya 2: umefanya krosi, jibu ni namba moja

Mara nyingi umefanya doti bila kujua. Swali linasema a × b wewe umezidisha i kwa i, j kwa j, k kwa k, ukapata −8. Alama ya × tumeizoea toka darasa la kwanza kama kuzidisha kwa kawaida, kwaiyo jicho likiiona mkono unazidisha kawaida. Cha kukagua ni kimoja: je, kuna determinanti popote kwenye kazi yako? Kama haipo hujafanya krosi.

Kama determinanti ipo na bado jibu ni namba, basi umechukua urefu kabla hujaombwa. Krosi ya hizi mbili ni −10i + 7j + 9k, na urefu wake ni √(100 + 49 + 81) = √230. Huo √230 ni namba halali, ni eneo la paralelogramu inayotengenezwa na a na b, na nusu yake, kama 7.58, ni eneo la pembetatu. Ila ukiombwa a × b ukaandika √230 umetupa mwelekeo wote. Na kinyume chake kipo pia, tena kimenikera sana wikiendi hii kwa sababu watu wamefanya kazi yote ngumu vizuri alafu wakakosa hapa: swali linataka eneo, mtu anaandika −10i + 7j + 9k anapiga mstari chini. Eneo la shamba haliwezi kuwa na i ndani yake. Ukiona eneo andika N pembeni, hata kama njia ya kulipata inapita kwenye krosi.

Kuna kesi moja ya mwisho, vekta mbili zilizo sambamba. Hapo krosi ni sifuri kweli, ila ni vekta sifuri, andika 0i + 0j + 0k ili msahihishaji aone unajua. Usiichanganye na doti kuwa 0, ambayo ni namba na maana yake ni kwamba zinakutana kwa nyuzi 90.

Dalili ya 3: krosi ni vekta, ila sio ile ya kwenye majibu

Hapa ndo maksi nyingi zinapotelea kwa hiyo nakaa kidogo. Tuweke determinanti yetu:

```
| i   j   k |
| 2  -1   3 |
| 1   4  -2 |
```

Kagua hivi kwanza, kabla hata ya kutafuta kosa liko wapi. Krosi ya a na b lazima isimame nyuzi 90 na a, na pia na b, kwaiyo ukifanya doti ya jibu lako na a upate 0, na ukifanya na b upate 0 tena. Kwa −10i + 7j + 9k: na a ni −20 − 7 + 27 = 0. Na b ni −10 + 28 − 18 = 0. Imepita. Ni kuzidisha sita na kujumlisha, haifiki nusu dakika.

Ikikataa, angalia j kwanza, usianze kwingine. Kipande cha j kwenye determinanti kina minasi ya nje: unafunika nguzo ya j, unabaki na 2 na 3 juu, 1 na −2 chini, inakuwa 2(−2) − 3(1) = −7, alafu minasi ya nje inaigeuza kuwa +7. Aliyesahau minasi anaandika −10i − 7j + 9k. Mpime: na a ni −20 + 7 + 27 = 14. Sio sifuri, umemnasa.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui. Huyu aliyekosea j, akiombwa eneo, atapata √(100 + 49 + 81) = √230, jibu sahihi kabisa, kwa sababu −7 na 7 zikiwekwa kipeo cha pili ni 49 zote. Kwaiyo anaenda miezi mitatu anapata maswali ya eneo na anaamini anajua krosi, siku akiulizwa yuniti vekta inayosimama nyuzi 90 na zote mbili, au ekwesheni ya bapa, anaanguka na haelewi kwa nini. Kama wewe maswali ya eneo unapata na ya bapa unakosa, karibu kila mara tatizo ni hiyo minasi ya j, wala sio bapa.

Kama minasi ya j inakusumbua kila siku, achana nayo, tumia njia ya kuzunguka. Andika namba za a alafu rudia mbili za mwanzo, chini yake fanya hivyo kwa b:

```
2  -1   3   2  -1
1   4  -2   1   4
```

Kipande cha i chukua nguzo ya 2 na ya 3, cha j nguzo ya 3 na ya 4, cha k nguzo ya 4 na ya 5. Kila mara zidisha kwa kushuka kulia, toa kwa kupanda kulia. Cha j ni 3(1) − 2(−2) = 3 + 4 = 7. Hakuna minasi ya kukumbuka. Mimi nawashauri hii watu wangu, ingawa ukiitumia kwenye mtihani onyesha hatua zako vizuri.

Kama j iko sawa na bado kipimo kinakataa, sababu inayofuata ni minasi mbili zilizokutana. Kipande cha i hapa ni (−1)(−2) − 3(4) = 2 − 12 = −10, na mtu anaandika −2 − 12 = −14. Weka mabano kila namba hasi, kila mara, hata kama unaona unachelewa.

Ya mwisho ni safu kugeuzwa, umeweka b juu na a chini. Hapo unapata 10i − 7j − 9k, alama zote zimepinduka, na angalizo: kipimo cha sifuri kinapita, kwa sababu na yenyewe inasimama nyuzi 90 na zote mbili. Kipimo hakitakusaidia hapa, cha kufanya ni kuangalia kwamba safu ya juu ya determinanti ni vekta iliyotangulia kwenye swali. Kwa eneo haina madhara. Kwa yuniti vekta inayosimama nyuzi 90 kwa kawaida zote mbili ni majibu, ndo maana wengine wanaweka ± mbele. Kwa momenti ina madhara makubwa, umesema kitu kinazunguka upande mwingine.

Wakati wa kuacha: ukiwa kwenye mtihani, umerudia determinanti mara moja na kipimo bado kinakataa, acha. Andika njia yako yote, acha nafasi, nenda swali linalofuata, urudi mwishoni. Ukirudia mara ya tatu palepale unasoma kosa lako lile lile kwa macho yale yale. Na ukiwa nyumbani, ikikataa kwa maswali matatu mfululizo kwa vekta tofauti, hilo sio kosa la kuteleza tena, beba daftari umpelekee mwalimu akuangalie unavyofanya, usimpelekee jibu peke yake maana jibu halimwonyeshi mkono wako unakosea wapi.

Dalili ya 4: pembe imetoka ndogo kuliko ilivyo kwenye mchoro

Umeombwa pembe kati ya a na b, ukapata 62.2, majibu yanasema 117.8. Jumlisha hizo mbili: 180. Ukiona hivyo kuna sababu mbili tu.

Ya kwanza, umetumia krosi. Ulichukua √230 ukagawa kwa √14 · √21, ukapata kama 0.8845, ukaomba kalkuleta saini kinyume ikakupa 62.2. Hesabu haina kosa, ila saini ya 62.2 na saini ya 117.8 ni namba moja, na kalkuleta inakupa ile ndogo siku zote. Saini haiwezi kutofautisha pembe kali na pembe butu, kosaini inaweza. Tumia doti: −8 gawa kwa √294 ni kama −0.4666, na kosaini kinyume inatoa 117.8. Hiyo −8 ndo iliyokuwa inakupa taarifa muda wote, doti ikiwa hasi pembe ni butu.

Ya pili, umepata −8 ukaona hasi haipendezi ukaitupa. Usiitupe. Namba inayotoka kwenye doti inaruhusiwa kuwa hasi, ni urefu ndo hauwezi.

Na kwa kuwa umeshafika hapa unazo doti na krosi zote mbili, kuna kipimo kizuri: chukua doti kipeo cha pili, jumlisha na urefu wa krosi kipeo cha pili, lazima upate 14 × 21. Hapa ni 64 + 230 = 294. Inakaa. (Sio bahati. Hamilton alipogundua kwatenioni kule Dublin mwaka 1843, kuzidisha vekta mbili kulikuwa kitu kimoja chenye sehemu ya namba na sehemu ya vekta, baadaye akina Gibbs na Heaviside wakazitenganisha zikawa hizi mbili tunazosoma. Ndo maana ukizirudisha pamoja hesabu inafunga.) Ila kumbuka minasi ya j iliyopotea inapita pia kwenye kipimo hiki, kwa sababu ile ile ya 49.

Dalili ya 5: swali la nguvu, hujui uanze na doti au krosi

Hii inawachanganya hata wanaojua, na yuniti zinachangia, kwa sababu kazi na momenti zote ni nyutoni kuzidisha mita. Kazi tunaiita juli, momenti tunaiacha nyutoni mita, lakini ukizikagua kwa yuniti peke yake huwezi kuzitenganisha.

Jiulize jibu lina upande? Kazi ni nishati, haielekei mashariki wala juu, ni N. Nguvu ya a nyutoni ikisogeza kitu kwa b mita, kazi ni a · b = −8 juli, na hiyo hasi inamaanisha nguvu ilikuwa inapingana na mwendo. Momenti inazungusha kitu kwenye mhimili fulani, mhimili una mwelekeo, ni V. Nguvu b ikigusa kwenye sehemu ambayo pozishen vekta yake toka orijini ni a, momenti kwenye orijini ni r × F, yaani a × b = −10i + 7j + 9k nyutoni mita. Pozishen inatangulia, nguvu inafuata. Yule wa safu kugeuzwa kule dalili ya 3, hapa ndo anapoteza maksi.

Wengi wanakosea hapa kwa sababu wanakariri neno badala ya kuuliza upande. Kwenye testi yangu kulikuwa na swali lenye sehemu mbili, kwanza kazi alafu momenti, vekta zile zile, na kuna mdogo wangu mmoja aliandika krosi sehemu zote mbili, determinanti safi kabisa mara mbili. Nilimuuliza kazi yako inaelekea wapi, akakaa kimya kidogo, alafu akachukua penseli akaandika N.

Dalili ya 6: vekta tatu, umekwama katikati

Umeanza (a · b) × c na haiendi. Haitaenda, a · b ni namba na krosi inahitaji vekta pande zote mbili. Usitafute kosa la hesabu, mabano ndo yamekaa vibaya. Ukiona a · b × c bila mabano kuna namna moja tu inayowezekana, krosi kwanza. Kwa c = 3i + j + k, kwa kuwa a × b tunayo tayari na mzunguko haubadilishi jibu, fanya (a × b) · c: −30 + 7 + 9 = −14. Ujazo wa paralelepipedi ni 14, unaondoa hasi kwa sababu ujazo hauwi hasi, na tetrahedroni ni 14/6, yaani 7/3.

Ila a × (b × c) jibu lake ni V, na pale kuhamisha mabano kunabadilisha jibu. Kama unajikuta unayahamisha ili hesabu iwe rahisi, simama hapo hapo, umeshaanza swali lingine.

Dalili ya 7: kalkuleta inakataa kukubaliana na mkono

Kwenye kalkuleta za familia ya fx-991ES, ukiwa kwenye VECTOR, kitufe cha kuzidisha kati ya VctA na VctB kinafanya krosi. Doti haina kitufe chake, unaitoa kwenye menyu ya SHIFT 5 unachagua Dot. Kwaiyo kama ulitaka −8 na skrini imekuletea −10, 7, 9, kalkuleta imekujibu swali la krosi kama ulivyoiandikia. Kama zote ni krosi na bado hazilingani, fungua VctB usome namba zilizomo, mara nyingi ni za swali lililopita.